Kizibo cha Upande wa Kulia

Picha ya kwanza aliyoitoa Salsabil asubuhi ile ilikuwa ya hovyo, na alilijua hilo kabla haijamaliza kufunguka kwenye kioo cha kompyuta. Aliiomba programu ya akili mnemba imtengenezee presha kuka mbili, ya zamani kushoto na mpya kulia. Nayo ilimpa mbili kweli, lakini ile ya kushoto ilionekana kwa juu, kama imepigwa picha na mtu aliyepanda stuli, kwenye mwanga hafifu wa jikoni. Ya kulia ilitazamwa usawa wa macho, imemwagiwa mwanga wa dhahabu mpaka bati lake likang'aa kama bi harusi. Mtu angedhani moja imeshushwa peponi na nyingine imeokotwa jalalani.

Ami yake angeipenda. Hilo ndilo lililomuudhi.

Ami Muntasir alikuwa mdogo wa marehemu baba yake, na duka la vyombo vya jikoni pale Mtoni, kando ya barabara ya Kilwa, lilikuwa la ukoo tangu enzi za sahani za bati zenye maua. Salsabil alifanyia kazi ghorofani, juu ya duka, katika chumba kilichojaa maboksi, akitengeneza matangazo ya Instagram, mabango na picha za kutumwa WhatsApp kwa mawakala. Wiki ile ulikuwa umeingia mzigo wa presha kuka za chapa ya Shamsa. Jina lilikuwa lilelile ambalo wateja walilizoea kwa miaka, ila umbo jipya: tumbo pana zaidi, mishikio myekundu, mng'aro wa kioo.

"Nataka waone tofauti," ami alikuwa amemwambia jana yake. "Ya zamani hapa, mpya hapa. Mteja asiulize swali."

"Nikiziweka kwa mwanga tofauti watakuwa wanaona mwanga, ami. Hawatakuwa wanaona presha."

"Wewe ndiye fundi," alisema Muntasir, na kushuka.

Basi Salsabil alianza upya kama fundi. Alimwita Kondo, msimamizi wa stoo, amletee presha ya zamani iliyobaki ya maonyesho na moja mpya kutoka kwenye boksi la mfano. Aliweka simu kwenye stendi yake ya miguu mitatu, akaifunga urefu, akabandika alama ya selotepu juu ya meza. Akaiweka presha ya zamani juu ya alama ile, mshikio ukielekea dirishani, akapiga. Akaiondoa, akaiweka mpya palepale, mshikio ukielekea kulekule, akapiga. Hazikuwa picha za kutangazia kitu, maana dirisha lilikuwa na vumbi na meza ilikuwa na mikwaruzo, lakini zilikuwa picha za kweli, na kazi yake ilikuwa kuipa mashine ukweli ili isianze kujitungia.

Kisha akaziingiza zote mbili na kuandika maelekezo kwa utaratibu. Alianza na yale yanayozihusu presha zote mbili, mara moja tu: picha moja iliyogawanywa katikati, kamera usawa wa mfuniko na juu kidogo, bidhaa imegeuzwa robo, mwanga mlaini kutoka kushoto, kivuli kifupi kulia, ukuta wa kijivu nyuma, ukubwa uleule pande zote. Ndipo akaeleza kila upande na chake. Kushoto ni presha ya picha ya kwanza, mishikio myeusi. Kulia ni presha ya picha ya pili, mishikio myekundu, tumbo pana. Akamalizia kwa kuikataza kuandika maneno yoyote, kwa sababu maneno angeyaweka mwenyewe baadaye. Mashine ile ikiandika Kiswahili ilikuwa inaharibu tahajia.

Safari hii picha ilikuja imetulia. Presha mbili, pembe moja, mwanga mmoja, vivuli viwili vimelala sambamba kama watoto mapacha. Salsabil alivuta pumzi. Alimtumia ami yake palepale kwenye simu, na chini yake akaandika: *Angalia mpangilio tu, bado sijamaliza.*

Alikuwa amekwisha kunyanyua kikombe cha chai alipoona kitu. Kwenye mfuniko wa presha ya kulia, kando ya kizito cha katikati kinachopiga mluzi, palikuwa na kizibo kidogo chekundu cha mpira. Kizuri kabisa, kina kivuli chake. Aliitazama presha mpya iliyokuwa mezani. Haikuwa na kizibo.

Hakushtuka. Aliijua tabia hiyo ya mashine: ukiweka vitu viwili vinavyofanana katika picha moja, sifa za kimoja huvuja na kuingia kwa mwenzake. Presha ya zamani ilikuwa na kizibo, na kizibo kikahamia kwa mdogo wake. Akaandika kwamba upande wa kulia usiwe na kizibo. Mashine ikavifuta vyote viwili. Akarudisha cha kushoto, cha kulia nacho kikarudi, safari hii kikubwa zaidi, kana kwamba kule kukitaja kulikuwa ni kukiita. Akaacha kukitaja. Akaeleza kile kilichopo badala ya kile kisichokuwepo: mfuniko laini, wenye kizito kimoja tu katikati. Kizibo kikabaki, kimejificha nusu nyuma ya kizito.

"Hutaki kutoka wewe," alisema kwa sauti ndogo.

Akaamua kuzitenganisha. Maelekezo yaleyale ya kamera na mwanga, neno kwa neno, lakini kila presha peke yake na picha yake, isijue kwamba ina mwenzake. Zilipokamilika, moja ilikuwa na mwanga wa baridi kidogo. Akaurekebisha mpaka vijivu viwili vya ukutani vikalingana. Akaziunganisha kwa mkono wake, akasogeza karibu, akalinganisha kila kipande na zile picha alizopiga mezani.

Ndipo akaona.

Kwa vile pembe ilikuwa moja na mwanga mmoja, jicho halikuwa na pengine pa kukimbilia. Liliangukia kwenye tofauti tu. Kushoto kulikuwa na kizibo, kulia hakuna. Na ukingoni mwa mfuniko wa kushoto palikuwa na mwanya mrefu, kama kidirisha, ambao ukiinama unaona mpira wa ndani. Ukingo wa kulia ulikuwa umezibwa mzima, bati tupu kuzunguka.

Salsabil alikuwa na presha ya zamani nyumbani kwake. Mwaka aliojifungua, dada wa kazi aliipakia maharage mpaka juu, ganda likaziba njia ya mvuke chini ya kizito, mluzi ukakatika. Watu wote nyumbani waliusikia ule mlio wa pu, na kizibo kile kikaruka, maharage yakafuata mpaka darini. Walifuta dari wakicheka. Hakuna aliyeungua. Kile kizibo ndicho kilichokubali kushindwa kwanza ili sufuria lisipasuke, na kisingefanya hivyo, kile kidirisha cha ukingoni kingeutoa mpira nje na kuupisha mvuke.

Aliinyanyua presha mpya, akaugeuza mfuniko wake huku na huku. Ikizibwa njia ile moja, mvuke ungetokea wapi?

Alipoteremka dukani, ami yake alikuwa nyuma ya kaunta, miwani imeshuka puani, anaangalia simu kwa furaha isiyofichika.

"Mashaallah, mwanangu. Picha imekaa. Nimeshairusha."

"Umeirusha wapi, ami?"

"Kwenye ukurasa wa duka, na kwa mawakala wote. Kibamba, Mwananyamala, Mbagala. Yule Bakari wa Kibamba ameshaniandikia, anasema wateja wake wameipokea vizuri, anaichapishia bango."

"Nilikuandikia kwamba bado."

"Niliona. Lakini imekosa nini?"

Akaweka presha mpya juu ya kaunta, na simu kando yake. Alimwonyesha kizibo cha kwenye picha, kisha akaweka kidole pale ambapo kingekuwa kwenye mfuniko halisi. Bati likang'aa chini ya kidole, halina kitu. Akamwonyesha ukingo. Akamweleza kuhusu ganda la harage.

Muntasir alisikiliza. Hakuwa mtu mwovu, na Salsabil alilikumbuka hilo baadaye kila alipotaka kumchukia. Aliugeuza mfuniko mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha akavua miwani.

"Kiwandani walisema umbo jipya limerahisishwa."

"Limerahisishwa kwa kutoa kinachookoa watu?"

"Mzigo uko stoo, Salsabil. Mwingine umeshatoka." Alisema taratibu, kama anayempigia mtu hesabu asiyoitaka. "Na nani anakaa kuhesabu vizibo kwenye mfuniko? Watu wananunua mishikio."

"Kwenye picha yetu kipo. Mtu akiona kipo ataacha presha motoni aende zake."

Kondo alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo na boksi mikononi. Hakulitua wala hakuondoka nalo.

"Nitaongea nao kiwandani," alisema Muntasir. "Picha iache kwanza. Tusiwashtue watu kwa kitu ambacho hakijatokea."

Salsabil aliichukua simu yake na kuifuta picha ile kwenye ukurasa wa duka, mbele ya macho ya ami yake. Hakuwahi kumvunjia heshima namna ile maisha yake yote. Lakini ya mawakala hakuwa na uwezo nayo. Ilikuwa imeshatoka mlangoni.

"Presha ya pili iliyotoka kwenye lile boksi la mfano iko wapi?" aliuliza. "Boksi lina nafasi ya mbili. Kondo ameniletea moja."

Kondo ndiye aliyesema.

"Ma Zubeida alikuja kuichukua asubuhi, dada. Alisema leo anapika makande, ana wageni."

Ma Zubeida alikuwa mke wa Muntasir. Makande ni mahindi na maharage, na vyote viwili vina maganda. Salsabil alimpigia simu, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Alipomtazama ami yake, aliona uso wake umepoteza rangi, na mkono wake ukitafuta funguo za gari juu ya kaunta, ukizipita bila kuziona.

"Twende kwa miguu," alisema Salsabil. "Ni haraka kuliko kuligeuza gari."

Nyumba ilikuwa mtaa wa nyuma, baada ya msikiti. Walitembea kwa haraka ya watu wasiotaka kuonekana wakikimbia, kisha wakakimbia. Muntasir alikuwa mzito na kanzu ilimkwaza. Salsabil akamwacha nyuma. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha kitambo, na mtaa ulikuwa na ule utulivu wa watu kuwa ndani.

Geti lilikuwa limerudishwa tu. Uani palinukia vitunguu. Jiko la Ma Zubeida lilikuwa na mlango wa nje uliofunguka kwenye ua, na Salsabil alisimama kabla ya kuufikia, akasikiliza.

Alitaka kusikia mluzi. Presha iliyo motoni husema. Hupiga kelele, hutema, humkera kila mtu ndani ya nyumba. Kutoka jikoni mle hapakuja sauti yoyote isipokuwa ya moto wa gesi, mvumo mwembamba, sawasawa, kama mtu anayepuliza uji. Kupitia mlangoni aliiona presha ya mishikio myekundu juu ya jiko, inang'aa. Kizito kilikuwa kimetulia. Mfuniko, au pengine ilikuwa hofu yake, ulionekana kutuna.

Miguu ilitaka kuingia. Macho yalishaiona swichi ya jiko, ilikuwa hatua chache tu. Akajirudisha nyuma. Mtungi wa gesi ulikuwa nje, nyuma ya ukuta wa jiko, kwenye kibanda cha matofali. Akazunguka na kuinama kule.

"Ma Zubeida!" aliita. "Usiingie jikoni! Toka kwa mlango wa mbele!"

Hakujibiwa. Ndipo akaelewa kwamba Ma Zubeida alikuwa anaswali, katika chumba kinachopakana na jiko, na asingeikatiza swala yake kwa kuitwa tu. Salsabil akazungusha kifungio cha mtungi, kikawa kigumu, akakizungusha tena kwa mikono miwili, na kilipoanza kulegea, presha ikapasuka.

Sauti ile haikuwa pu. Ilimpiga kifuani kupitia ukuta. Vioo vya dirisha vilimwagika juu ya mgongo wake na mvuke mweupe ukatoka mlangoni kwa nguvu, unanukia maharage, harufu ya kawaida kabisa ya chakula cha mchana. Kisha kitu kizito kikaanguka ndani, kikazunguka, kikatulia.

Muntasir alikuwa amefika getini. Alisimama pale ameshika nguzo, midomo inasogea bila sauti. Kwa kitambo ambacho Salsabil hakuweza kukipima, wote wawili walikuwa wakisubiri jambo moja.

Ma Zubeida alitoka kwa mlango wa mbele, mtandio wa swala kichwani, mkono mmoja sikioni. Aliwatazama mmoja mmoja.

"Nini kimeanguka?" aliuliza kwa sauti kubwa mno, kama mtu aliyezibwa masikio. "Mie nilikuwa kwenye sijda."

Muntasir alikwenda akamshika mabega, akamgusa uso, mikono, mgongo, kama anayekagua bidhaa iliyosafiri. Kisha akakaa chini kwenye sakafu ya baraza na kanzu yake nyeupe, akainamisha kichwa.

Baadaye, jikoni, walikuta mfuniko umekwama darini kwa ukingo wake. Jiko la gesi lilikuwa limekunjwa katikati. Ukuta ambao Ma Zubeida husimama mbele yake akikata kachumbari ulikuwa umechubuka mpaka tofali, urefu wa kifua cha mtu. Waliposhusha mfuniko, Salsabil alichungulia njia ya mvuke chini ya kizito. Ganda la harage lilikuwa limeingia humo, jembamba, limekaa vizuri kama lililopimwa.

"Itoe ile picha," alisema Muntasir nyuma yake.

"Ya kwetu nimeshaitoa, ami. Za watu siwezi."

Jioni ile ile alitengeneza nyingine. Safari hii hakuiomba mashine chochote. Alichukua zile picha mbili alizopiga juu ya meza yenye mikwaruzo, dirisha lenye vumbi, pembe moja na mwanga mmoja, akaziweka ubavu kwa ubavu na kuzungushia duara jekundu pale penye kizibo na pale pasipo. Chini akaandika kwa herufi kubwa kwamba Shamsa mpya isitumike, irudishwe, na kwamba picha ya mwanzo ilikuwa na makosa. Muntasir aliisoma mstari kwa mstari. Pale penye neno makosa alisimama sana. Kisha akairusha mwenyewe kwa mawakala wote, na kuwapigia mmoja baada ya mwingine, akizirudia habari zilezile kwa sauti iliyozidi kuchoka.

Presha zilianza kurudi. Kondo alizipanga stoo, zikiwa mbali na mlango. Wa Mwananyamala alirudisha zake zote na matusi juu. Bakari wa Kibamba alipokea simu mara moja, akasema atafuatilia, tangu hapo simu yake ikawa inaita tu.

Jambo ambalo Salsabil hakulitarajia ni jinsi picha ile ya kwanza, yenye vizibo viwili, ilivyokataa kufa. Ilikuwa nzuri kuliko ya onyo. Ile ya onyo ilikuwa na vumbi na maduara, watu waliiona kama fitina ya wafanyabiashara. Ya kwanza ilikuwa safi. Aliikuta kwenye ukurasa wa muuzaji asiyemjua, akaikuta tena imewekewa jina la duka jingine. Mtu alikuwa ameipamba kwa maua. Kila ilikopita, kizibo kile chekundu kilikwenda nayo, kimekaa pale kwenye mfuniko wa kulia, kina kivuli chake.

Siku moja aliingia dukani mama mmoja, mtu wa makamo, khanga mabegani na mfuko wa soko mkononi. Salsabil alikuwa chini siku hiyo, anamshikia ami yake kaunta.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Adelina, nimetoka mbali mie, nimetoka Kibamba." Alitafuta simu ndani ya mfuko, akaifuta kioo kwa ncha ya khanga. "Nataka hii hapa ya kulia. Hii yenye kizibo. Wanasema ndiyo salama, maana lile onyo linalozunguka ni la ile isiyokuwa na kizibo."

Salsabil aliitazama picha aliyoitengeneza mwenyewe, ikimtazama kutoka kwenye kiganja cha mtu mwingine. 

"Mama," alisema, "presha hiyo haipo."

"Zimekwisha?"

"Haipo duniani. Haijawahi kutengenezwa. Hicho kizibo kimechorwa na kompyuta."

Adelina alimwangalia kwa huruma kidogo, kama mtu anayeongea na muuzaji asiyetaka kukiri kwamba bidhaa imemwishia.

"Basi nitaichukua kulekule kwetu, ingawa bei yao iko juu," alisema. "Jirani yangu kainunua jana kwa Bakari, na bango lake ni hilihili. Nimemwacha anaiosha, leo anapikia watoto."

Muntasir alikuwa ametokea mlangoni mwa stoo. Alikuwa amesikia. Alishika fremu ya mlango kwa mkono mmoja.

"Una namba yake?" Salsabil aliuliza. "Huyo jirani. Nipe namba yake, mama, tafadhali. Sasa hivi."

Adelina alisita, kisha akaanza kuitafuta, akishuka polepole kwenye majina kwa kidole gumba. Alipoipata, Salsabil alipiga na kuweka simu sikioni. Ikaanza kuita. Nje magari ya barabara ya Kilwa yalipita na kupita. Watu wanne walikuwa mle dukani kwa wakati huo, pamoja na Kondo, na hakuna aliyesogea.

Simu iliendelea kuita.